Kumpata mwajiri anayeajiri wenye rekodi ya jinai na kupima ukweli wa sera yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu waliomaliza adhabu zao na sasa wanatafuta kazi, na mara nyingi pia na ndugu zao. Majibu yote yanafuata wazo moja: mwajiri hapimwi kwa anachosema kuhusu wenye rekodi, hupimwa kwa utaratibu anaoufuata rekodi inapofika mezani kwake.

Nianzie wapi kuwatafuta waajiri hawa?

Anza na watu ambao tayari wameajiriwa, kisha ufuate njia waliyopitia mpaka kwa mwajiri. Mashirika yanayosaidia waliotoka gerezani, maofisa wanaosimamia vifungo vya nje, walimu wa ufundi wa magerezani na viongozi wa dini wanaotembelea wafungwa wote wanajua ni nani alipata kazi wapi. Ila namna ya kuwauliza ina uzito wake. Ukisema, "Mnajua kampuni inayochukua watu kama mimi?" utapewa majina ya kampuni ambazo mtu fulani aliwahi kuzisikia zikisifiwa. Uliza hivi: "Mtu wa mwisho mliyemwona akipata kazi ameajiriwa wapi, anafanya kazi gani, na bado yupo?" Jibu la swali hilo ni tukio, na tukio unaweza kulifuatilia.

Ukishapata jina la mahali, jiulize nani hasa mwenye uamuzi wa mwisho pale. Katika biashara ndogo mwenye mali ndiye anayekuhoji na ndiye anayeamua, hivyo mazungumzo ya nusu saa yanaweza kumaliza kila kitu. Kampuni kubwa ni habari nyingine. Msimamizi aliyekuhoji anaweza kukupenda kweli, lakini jina lako likaenda idara ya rasilimali watu, kutoka huko kwa kampuni ya nje inayochunguza rekodi, na jibu likarudi kwa mtu ambaye hajawahi kukuona.

Kuna mtu wa tatu ambaye wengi humsahau, naye ni mteja. Kampuni za usafi, ulinzi, ujenzi na zile zinazokodisha wafanyakazi hupeleka watu kwenye majengo ya wengine. Mwajiri wako anaweza asiwe na kinyongo chochote na rekodi yako, lakini mkataba wake na mwenye jengo ukamtaka apeleke watu wasio na rekodi tu. Kwa kampuni za aina hiyo uliza mapema: "Je, kuna vituo vyenu ambavyo mteja hachagui kwa rekodi?" Mwajiri mkweli atakutajia vituo hivyo moja kwa moja.

Orodha za mtandaoni za "kampuni zinazoajiri wenye rekodi" zinaaminika?

Zitumie kama dokezo tu. Nyingi zimenakiliwa kutoka orodha nyingine, hazina tarehe, na hazisemi habari ilitoka wapi. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba zinataja jina la kampuni wakati uamuzi hufanywa kwenye tawi. Biashara nyingi zenye jina moja huendeshwa na wamiliki tofauti waliolipia haki ya kutumia jina hilo, na kila mmoja ana taratibu zake za kuajiri. Tawi moja linaweza kuwa na wafanyakazi kadhaa waliowahi kufungwa, na la mtaa wa pili lisimpokee hata mmoja. Kwa hiyo ukikuta jina kwenye orodha, kazi yako ndiyo kwanza imeanza: piga simu tawi lile lile unalotaka kuomba.

Kampuni imeandika "tunatoa nafasi sawa kwa wote". Hiyo inanihusu?

Kwa kawaida hapana. Sentensi hiyo huzungumzia mambo ambayo sheria inakataza kubagua, kama jinsia, dini, ulemavu au asili ya mtu, na rekodi ya jinai mara nyingi haimo. Hata kampuni inayomkataa kila aliyewahi kufungwa inaweza kuiandika bila kusema uongo.

Tafuta maandishi yanayoitaja rekodi kwa jina lake. Sera iliyoandikwa na mtu anayekusudia kuitekeleza hujibu mambo manne: rekodi itaulizwa katika hatua gani, itapimwa kwa vigezo gani, nani ataamua, na mwombaji atapata nafasi gani ya kujieleza kabla uamuzi haujafungwa. Ukikuta mawili tu kati ya hayo, umeshapata kitu cha kuulizia. Ukikuta picha za watu wanaotabasamu na maneno kuhusu "fursa ya pili" bila hata moja kati ya hayo manne, basi bado hujaona sera.

Fomu yao haina kisanduku cha kuuliza kama nimewahi kutiwa hatiani. Si ndiyo dalili nzuri?

Ni dalili nzuri, lakini ndogo. Hawaii ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kupitisha sheria ya kuondoa swali hilo kwenye hatua za mwanzo, mwaka 1998, na majimbo na miji mingi ikafuata. Sheria za namna hii huahirisha swali. Hazilifuti. Kisanduku kikitoka kwenye fomu, rekodi itakuja baada ya usaili au baada ya ofa, na tabia halisi ya mwajiri utaiona hapo.

Kuna utafiti wa mchumi Amanda Agan na mwanasheria Sonja Starr, uliochapishwa mwaka 2018, ambao kila anayetafuta kazi kwa njia hii anapaswa kuujua. Walituma maombi ya kubuni yapatayo 15,000 kwa waajiri wa New Jersey na jiji la New York kabla na baada ya kisanduku kuondolewa. Kwa waajiri waliolazimika kukiondoa, pengo la kuitwa kati ya waombaji wenye majina ya Kizungu na wale wenye majina ya Watu Weusi lilipanuka kutoka asilimia 7 hadi 43. Waajiri wasioweza tena kuona rekodi walianza kuikisia kwa kutazama jina. Nauchukulia kama onyo zito: mwajiri anaweza kusafisha fomu yake bila kubadilisha chochote katika namna anavyochagua watu.

Ni vigezo gani vya haki vya kupimia rekodi?

Vitatu vinavyotajwa zaidi vilitoka mahakamani. Kampuni ya reli ya Missouri Pacific ilikuwa na kanuni, tangu mwaka 1948, ya kutomwajiri mtu yeyote aliyetiwa hatiani kwa kosa lolote isipokuwa makosa madogo ya barabarani. Mwaka 1970 mtu mweusi aitwaye Buck Green aliomba kazi ya ukarani akakataliwa, kwa sababu aliwahi kufungwa kwa kukataa kuingia jeshini. Mahakama ya rufaa ya shirikisho iliikataa kanuni hiyo ya jumla mwaka 1975, na kesi iliporudi mwaka 1977 vikathibitishwa vigezo ambavyo waajiri hukumbushwa mpaka leo: uzito na aina ya kosa, muda uliopita tangu kosa au tangu kumaliza adhabu, na aina ya kazi inayoombwa. Tume ya Marekani ya fursa sawa za ajira ilivijenga upya katika mwongozo wake wa mwaka 2012.

Hata kama unaishi mahali ambapo mwongozo huo hauna nguvu ya sheria, vigezo hivyo vinakufaa kama kipimo. Mwajiri anayevitumia atakueleza uhusiano kati ya kosa na kazi. Kumkatalia aliyeghushi hundi kazi ya uhasibu ni uamuzi unaoelezeka. Kumkatalia mtu huyo huyo kazi ya kupaka rangi kuta, miaka kumi baadaye, kunahitaji maelezo, na mwajiri mkweli atakuwa nayo au atabadilisha uamuzi wake.

Niulize maswali gani, na lini?

Kuna awamu mbili. Ya kwanza ni kabla hujaomba, kwa simu, na hulazimiki kutaja jina wala kusema una rekodi. Sema: "Naulizia nafasi ya kazi ya ghalani. Je, mnafanya uchunguzi wa rekodi kwa nafasi hiyo, na mnaufanya katika hatua ipi?" Ukijibiwa, endelea: "Mnatazama nyuma miaka mingapi? Mnahesabu kukamatwa tu, au mpaka mtu awe ametiwa hatiani?"

Sikiliza jinsi wanavyojibu. "Tunaangalia miaka saba, hukumu tu, baada ya ofa" ni jibu la mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo. "Inategemea" si jibu baya, mradi ukiuliza inategemea nini upate kitu cha kushika. Ukisikia "sisi tunataka watu safi," umeokoa nauli.

Awamu ya pili ni baada ya kufanya usaili na kuona wanakutaka. Hapo uliza lililo muhimu kuliko yote: "Mmewahi kumwajiri mtu mwenye rekodi kwa nafasi kama hii? Anaendeleaje?" Simwombi mtu ataje majina, na wewe usiyaombe, maana siri ya mwingine ni haki yake. Lakini mwajiri mwenye uzoefu ataweza kusema kwa ujumla: mmoja yuko zamu ya usiku, mwingine sasa ni kiongozi wa zamu, mwingine aliondoka mwenyewe. Mwajiri wa maneno matupu atarudia sera yake.

Naomba mfano wa jinsi haya yanavyoonekana kwa vitendo.

Tuchukue mwombaji wa miaka 30. Akiwa na miaka 23 aliiba bidhaa dukani alikokuwa anafanya kazi, akafungwa miezi minane. Adhabu iliisha miaka sita iliyopita, na tangu hapo amefanya kazi ya kubeba mizigo sokoni bila tatizo. Anaomba kazi ya ghala kwa kampuni mbili.

Kampuni ya kwanza ina ukurasa mzuri kuhusu fursa ya pili. Fomu yake ya mtandaoni inauliza kama amewahi kutiwa hatiani, bila nafasi ya kueleza. Anaweka alama ya ndiyo na kutuma saa tano usiku. Barua pepe ya kukataliwa inamfikia dakika chache baadaye. Hakuna mtu aliyeketi usiku huo akapima uzito wa kosa, muda uliopita au aina ya kazi. Mfumo ulipangwa kuwatupa nje wote walioweka alama ile, na aliyeupanga alijua hivyo. Kasi ya jibu ndiyo ushahidi.

Kampuni ya pili haina maneno yoyote ya kuvutia. Inamhoji, inampa ofa kwa maandishi yenye sharti la uchunguzi wa rekodi, kisha inamwandikia kwamba ripoti imeonyesha hukumu mbili za wizi na kwamba inafikiria kuondoa ofa. Imeambatanisha nakala ya ripoti na kumpa siku tano za kazi kujibu. Anaposoma anagundua kosa: ni tukio moja lililoandikwa mara mbili, mara moja kwa tarehe ya kukamatwa na mara nyingine kwa tarehe ya hukumu. Kosa la namna hii si la ajabu katika ripoti zinazokusanywa kutoka madaftari tofauti. Anapeleka nakala ya hukumu kutoka mahakamani yenye namba moja ya kesi, barua ya msimamizi wake wa sokoni inayotaja muda aliofanya naye kazi, na maelezo yake ya nusu ukurasa. Katika maelezo anataja kosa kwa jina lake, anasema lilitokea lini, na anaeleza kazi aliyofanya tangu hapo. Hajilaumu kwa kurasa tatu na hamlaumu mwingine.

Kampuni inamwajiri upande wa kupakia, na inamwambia wazi kwamba kwa mwaka wa kwanza hatashika funguo za stoo ya vitu vidogo vya thamani. Hilo linauma kidogo, lakini ni sharti lenye sababu, lenye mwisho, na lililotamkwa kabla hajaanza kazi. Kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo kampuni yenye sera ya kweli, ingawa haijawahi kujitangaza.

Utaratibu wa kampuni hii ya pili unafanana na ule ambao sheria ya California, iliyoanza kutumika Januari 2018, inawataka waajiri wenye wafanyakazi watano au zaidi waufuate: ofa kwanza, uchunguzi baadaye, kisha ilani ya maandishi inayotaja hukumu inayowatatiza, nakala ya ripoti, na angalau siku tano za kazi za kujibu. Hakuna kinachomzuia mwajiri wa mahali pengine kufanya hivyo kwa hiari, na hakuna kinachokuzuia kuomba ufanyiwe hivyo.

Kwa nini unasisitiza nakala ya ripoti?

Kwa sababu bila kuiona huwezi kujua walichokisoma. Ripoti zinaweza kukuchanganya na mtu mwenye jina kama lako, zikaonyesha shtaka lililofutwa kana kwamba ni hukumu, au zikabeba kosa ambalo sheria ilikwisha kuliondoa kwenye rekodi. Kabla ya kuanza kuomba kazi, chukua rekodi yako mwenyewe kutoka polisi au mahakamani, pamoja na nakala ya hukumu inayoonyesha kosa, adhabu na tarehe ya kumaliza. Siku tano za kujibu ni chache mno ikiwa ndiyo unaanza kulitafuta faili masijala.

Nifiche rekodi yangu?

Usidanganye, lakini jibu ulichoulizwa tu. Soma swali neno kwa neno. "Umewahi kutiwa hatiani?" halimhusu aliyekamatwa akaachiwa bila kushtakiwa. "Katika miaka mitano iliyopita" halihusu hukumu ya miaka tisa iliyopita. Nchi nyingine zimeweka muda ambao ukipita hukumu huhesabika imekwisha na mtu haruhusiwi kuadhibiwa kwa kutoitaja. Uingereza ilifanya hivyo kwa sheria ya mwaka 1974, ikibakiza kazi maalumu ambazo ni lazima mtu aseme yote. Ulizia sheria yako inasemaje kabla ya kujaza fomu yoyote.

Uongo una hatari ya pekee. Ukigundulika baada ya miaka miwili kazini, mwajiri hatahitaji tena kujadili kosa la zamani, kwa kuwa atakuwa na kosa jipya, na safari hii aliyekosewa ni yeye.

Wapo waajiri ambao sera yao ni ya kweli kabisa?

Wapo, na kuwatazama kunasaidia kujua kitu halisi kikoje. Greyston Bakery ya Yonkers, New York, inayooka keki na biskuti, ilianza mwaka 1982 na inafahamika kwa kuajiri bila usaili na bila uchunguzi wa rekodi: mtu anaandika jina lake kwenye orodha, nafasi ikipatikana anaitwa anayefuata. Timpson ya Uingereza, yenye vibanda vya kutengeneza viatu na kuchonga funguo, imekuwa ikienda magerezani kutafuta na kufundisha wafanyakazi, na takriban mmoja kati ya kumi wa wafanyakazi wake ni mtu aliyewahi kuhukumiwa.

Angalia zinachofanana. Kila moja ina njia maalumu, inayoelezeka kwa sentensi moja, ambayo mwenye rekodi anapita kuingia ndani. Mwajiri akikwambia anawapenda wenye rekodi, mwulize njia hiyo kwake iko wapi.

Kuna mwajiri anayenitaka kwa sababu nina rekodi. Hilo linanitia wasiwasi.

Una haki ya kuwa na wasiwasi. Wapo wanaoajiri wenye rekodi wakijua hawana pa kwenda. Dalili zake ni mshahara ulio chini ya wanaofanya kazi ile ile, kipindi cha majaribio kinachorefushwa kila kinapokaribia kwisha, saa za ziada zisizolipwa, na ile kauli ya "kumbuka nani alikuchukua ulipotoka." Mwajiri wa namna hii sera yake iko wazi, ila imejengwa kukutumia.

Mahali ambapo serikali hulipa au hupunguza kodi kwa kila aliyetoka gerezani akaajiriwa, kuna jambo jingine la kuchunguza. Punguzo la aina hiyo la Marekani, kwa mfano, lilipangwa kwa saa: kiwango kamili kilifikiwa mfanyakazi alipotimiza saa 400. Mwajiri mzuri hulitumia punguzo kulipia mafunzo. Mbaya humwacha mtu karibu na kikomo hicho na kuchukua mwingine. Waulize walio ndani: "Wale mlioanza nao kutoka gerezani, wangapi walivuka miezi sita?" Usimwulize meneja. Mwulize mpakiaji, wakati wa chai.

Nimekataliwa. Nitajuaje kama ni rekodi?

Andika ujumbe mfupi siku hiyo hiyo: shukuru kwa usaili, kisha uulize kama rekodi ilichangia uamuzi, ni hukumu ipi, na kama unaweza kupata nakala ya ripoti iliyotumika. Mahali ambapo sheria inawalazimisha kujibu, ujumbe huo unaweka tarehe. Pasipo na sheria, ukimya wao ni habari pia, na mpe habari hiyo ofisa au shirika lililokuelekeza kwao, ili anayekuja nyuma yako asipelekwe kwenye mlango ule ule.

Kama ofa ilikwisha tolewa, usikubali kukataliwa kwa simu peke yake. Omba maandishi. Nimeona uamuzi ukigeuka katika hatua hii, pale mtu aliyetakiwa kuandika sababu alipogundua kwamba hana ya kuandika.